Mwizi au tapeli akitiwa hatiani, nitalipwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao za jinai na za mwenendo wa kesi, na Kenya nimeigusa kidogo karibu na mwisho kwa sababu watu wa mipakani huniuliza. Namba za vifungu ni za toleo la sheria la mwaka 2022. Ukishika toleo jipya zaidi, tafuta kwa kichwa cha kifungu badala ya namba, maana namba huhama.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Nimeuunda mwenyewe, ila kila kipande chake ni kitu kinachotokea katika kesi za namna hii. Mama mmoja anafanya biashara ya mchele kwa jumla. Anakuja mteja, amevaa vizuri, ana haraka, anaonyesha stakabadhi ya benki kwamba ameshaingiza malipo. Anapakia magunia 60 ya kilo 100, kila gunia shilingi 200,000, jumla milioni 12. Jioni mama anakwenda benki na kuambiwa stakabadhi ni ya kughushi. Wiki mbili baadaye polisi wanamkamata yule mteja. Magunia 18 yanakutwa kwenye stoo aliyopanga. Magunia 12 yako kwa mwenye duka aliyeyanunua kwa shilingi 150,000 kila moja. Mfukoni mwa mshtakiwa kuna shilingi 1,400,000. Magunia 30 hayajulikani yalikoliwa.

Mtu akifungwa, si ndiyo kesi imeisha? Hela yangu inahusianaje na jela?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kifungo ni deni la mshtakiwa kwa jamhuri. Fedha zako ni deni lake kwako, na mahakama hiyo hiyo ya jinai ina uwezo wa kukuamulia deni hilo bila wewe kufungua kesi ya pili.

Uwezo huo umeandikwa sehemu mbili. Kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu aliyetiwa hatiani anaweza kuamriwa amlipe fidia aliyeumizwa na kosa lake, iwe pamoja na adhabu nyingine au badala yake. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaeleza namna: mahakama ikiona kwenye ushahidi kwamba mtu amepata hasara ya mali au madhara ya mwili, na kwamba hasara hiyo angeweza kuidai ikapatikana kwa kiasi cha maana katika kesi ya madai, inaweza kuamuru mkosaji alipe fidia inayostahili, kwa fedha au kwa kitu.

Neno la kushika hapo ni "inaweza". Hakimu hana lazima. Nimeona hukumu nzuri, ushahidi umenyooka, mtu kapewa miaka yake, na chini kabisa hakuna hata sentensi moja juu ya fidia kwa sababu hakuna aliyeiomba.

Fidia na kurejeshewa mali ni kitu kimoja?

Hapana. Kurejeshewa mali ni kupewa kitu chako chenyewe: yale magunia 18 yaliyo stoo. Fidia ni thamani ya kile kisichorudi: magunia 30 yaliyokwisha kuliwa. Kesi moja inaweza kutoa amri zote mbili, na kwa kawaida ndivyo inavyopaswa kuwa. Mama wa mchele hawezi kudai milioni 12 zote kama fidia huku magunia 18 yakimsubiri kituoni. Hesabu yake inaanza kwa kutoa milioni 3.6.

Je, faini anayotozwa naipata mimi?

Hii inaumiza watu kila wiki. Hakimu anasema "faini milioni mbili au jela miaka mitatu", ndugu wa mshtakiwa wanachanga, wanalipa, mtu anatoka. Mlalamikaji anasimama koridoni akisubiri kuitwa apewe zile milioni mbili. Hazitoki. Faini ni ya serikali na stakabadhi yake ni ya serikali.

Sheria inairuhusu mahakama iagize sehemu ya faini iliyolipwa, au yote, itumike kumfidia aliyepata hasara. Lakini agizo hilo lazima litamkwe na liandikwe. Kama unahisi kesi inaelekea kwenye faini, hilo ndilo jambo la kumnong'oneza mwendesha mashtaka mapema, kwa sababu ndugu wakishakamua mfuko kulipa faini, hutapata wa kukuchangia wewe.

Ni nani anayeomba fidia, na lini?

Kesi ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi. Huna kiti mbele. Anayeomba ni mwendesha mashtaka, baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani na kabla adhabu haijatamkwa, kwenye hatua ile tunayoiita maombolezo. Mwendesha mashtaka huulizwa kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, mshtakiwa huulizwa ana lipi la kusema ili apunguziwe, kisha adhabu inasomwa. Yote hayo yanaweza kumalizika kwa dakika kumi, na siku hiyo hiyo ya hukumu.

Kwa hiyo kazi yako inafanyika kabla ya siku hiyo. Nenda ofisi ya mwendesha mashtaka ukiwa na karatasi moja: jina lako, namba ya kesi, orodha ya ulichopoteza, kilichopatikana, kilichobaki, na jumla. Mwombe aiweke kwenye jalada. Mwendesha mashtaka ana majalada mengi mezani. Ukimpa hesabu iliyopigwa tayari ataisoma, ukimwachia akumbuke mwenyewe atasema "tunaomba apewe adhabu kali" na kukaa chini.

Hata asipoomba, mahakama inaweza kuamuru yenyewe. Mimi nisingelala nikitegemea hilo.

Nitathibitishaje kiasi?

Fidia hutolewa juu ya kile kilichoonekana katika ushahidi. Kiapo chako ukiwa kizimbani ni ushahidi, lakini kikiwa peke yake hupungua nguvu pale wakili wa upande wa pili anapouliza: "Ulijuaje ni magunia 60, uliyahesabu?"

Mama wa mchele ana vitu vitatu. Daftari la stoo linaloonyesha magunia yaliyoingia na kutoka. Risiti za EFD za wateja wengine wa juma lile lile, zinazoonyesha gunia lilikuwa linauzwa 200,000. Na kuli aliyepakia, ambaye alilipwa kwa idadi ya magunia na anaikumbuka kwa sababu ndiyo iliyompa ujira. Huyo wa tatu ndiye shahidi mzuri kuliko wote, na ndiye anayesahaulika kila mara.

Angalia pia hati ya mashtaka. Huandikwa "magunia 60 ya mchele yenye thamani ya shilingi 12,000,000, mali ya fulani". Kama mpelelezi aliandika milioni 9 kwa kukisia ulipokuwa bado umechanganyikiwa siku ya kwanza, utakuja kupata taabu kueleza milioni 3 za juu zimetoka wapi. Omba kusomewa maelezo yako kabla ya kuyatia saini, na kosa la hesabu lisahihishwe hapo hapo kituoni.

Faida ambayo ungeipata baadaye, usumbufu, nauli za kuja mahakamani na usiku uliokosa usingizi havina makazi mazuri katika amri ya namna hii. Mahakama ya jinai inataka hasara inayoonekana na kupimika bila kufungua kesi ndani ya kesi. Mengine yapeleke kwenye madai.

Mchele uko kituo cha polisi kama kielelezo. Kesi ikichukua mwaka, nitakuta nini?

Utakuta wadudu. Ndiyo maana usisubiri hukumu. Vitu vinavyoharibika vinaweza kurudishwa kwa mwenyewe, au kuuzwa na fedha zikatunzwa, kwa amri ya mahakama wakati kesi inaendelea. Mpelelezi na mwendesha mashtaka ndio wanaopeleka ombi. Vitu hupigwa picha, huorodheshwa, pengine hubakizwa sampuli, na mshtakiwa hupewa nafasi ya kuviona na kusema kama ana pingamizi.

Hatua ya mwisho hiyo ndiyo ya kuangalia. Kielelezo kikitoka bila mshtakiwa kushirikishwa, au bila amri ya maandishi, wakili wake atakuja kuuliza kilikwenda wapi na kwa ruhusa ya nani, na kesi inaweza kulegea. Usikubali afande akupe magunia yako usiku kwa kukuonea huruma. Chukua kwa amri.

Mali yangu iko kwa mtu aliyeinunua bila kujua. Ni yangu au yake?

Inategemea ilivyotoka mkononi mwako, na hapa sheria ina kona ambayo watu wa mtaani hawaitegemei.

Kama iliibwa, yaani hukukubali kamwe iondoke, mwizi hakuwa na haki yoyote ya kuuza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mwizi akitiwa hatiani umiliki uko kwako hata kama kitu kimepita mikono mingi katikati. Mnunuzi anarudisha.

Kama wewe mwenyewe uliitoa kwa kuuza, lakini ulidanganywa, mambo hubadilika. Mauzo yaliyopatikana kwa udanganyifu unaweza kuyabatilisha, lakini hadi utakapoyabatilisha yapo. Mtu akinunua katika pengo hilo kwa nia njema, bila kujua hila, anaweza kupata umiliki halali. Sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba mali iliyopatikana kwa udanganyifu usiofikia wizi hairudi kwa mwenyewe kwa sababu tu tapeli ametiwa hatiani.

Kwa yale magunia 12, basi, swali la hakimu ni mwenye duka alikuwa na nia gani. Ana risiti ya mkono, alinunua mchana kweupe, alinunua kabla mama hajafika polisi. Hayo yanamsaidia. Lakini alinunua kwa 150,000 mzigo ambao sokoni ni 200,000. Bei ya chini kiasi hicho humfanya hakimu ainue kichwa. Wanunuzi husema "alikuwa na shida ya haraka", na wakati mwingine ni kweli.

Njia ni mbili. Hakimu akiona magunia yarudi kwa mama, kifungu cha 348 kinamruhusu pia kumfidia mnunuzi wa nia njema kutoka kwa mkosaji: 1,800,000 alizotoa. Fidia ya mama inabaki ya magunia 30, yaani milioni 6. Akiona mnunuzi abaki nayo, mama anaongezewa thamani ya magunia 12, hivyo fidia inakuwa ya magunia 42, milioni 8.4. Kwenye mfano wetu hakimu alichukua njia ya pili.

Kama unadai kitu kilicho kwa mnunuzi, mwandikie au mtangazie mapema uliyemuuzia kwamba umebatilisha mauzo, na toa taarifa polisi siku hiyo hiyo. Kila siku unayochelewa ni siku ya mtu mwingine kununua kwa nia njema.

Na zile fedha alizokamatwa nazo?

Fedha au kitu kilichokutwa kwa mshtakiwa wakati wa kukamatwa kinaweza kuamriwa kirudi kwa mwenye haki au kitumike kulipa fidia iliyoamriwa. Shilingi 1,400,000 zinapunguza milioni 8.4 hadi milioni 7. Sharti ni moja: ziwe zimeandikwa kwenye hati ya ukamataji mali, idadi, na sahihi za waliokuwepo. Fedha zisizoandikwa hazipo. Ukiwa eneo la tukio wakati anakaguliwa, hakikisha unaona zinahesabiwa.

Nilitapeliwa kwa simu, nikatuma hela kwa namba nisiyoijua. Fidia inapatikana?

Kisheria ndiyo, kwa njia hizi hizi. Kivitendo, kila kitu kinategemea saa ya kwanza. Fedha ikiwa bado iko kwenye akaunti ya simu ya aliyepokea, mtandao unaweza kuizuia ukipiga simu mara moja, na RB ya polisi inafuata. Ikishatolewa kwa wakala, mnabaki mnamtafuta mtu. Ile huduma ya kutuma namba ya tapeli kwenda 15040 ni ya kuripoti namba, haikurudishii fedha, kwa hiyo fanya hiyo baada ya kupiga simu huduma kwa wateja. Hifadhi ujumbe wa muamala bila kuufuta. Kumbukumbu ya muamala ndiyo itakayothibitisha kiasi, na tofauti na daftari la stoo, mshtakiwa hawezi kusema umeiandika jana.

Polisi wananiambia "hii ni madai, siyo jinai". Wananifukuza tu?

Wakati mwingine wanakufukuza, wakati mwingine wako sahihi. Kujipatia mali kwa udanganyifu kunahitaji uongo juu ya jambo lililopo au lililokwisha kutokea: "nimeshalipa benki", "kiwanja hiki ni changu", "mimi ni afisa wa kampuni fulani". Mtu aliyekukopa akaahidi kulipa mwezi ujao kisha akashindwa amevunja ahadi. Huyo ni wa madai.

Hili linagusa fidia yako moja kwa moja. Amri ya fidia inapanda juu ya mgongo wa hatia. Mshtakiwa akiachiwa huru kwa sababu jambo lilikuwa deni la kawaida, hakuna fidia hata kama anakiri anadaiwa. Watu hupoteza miaka miwili hapo kwa kutaka "akamatwe kwanza".

Amri imetoka leo. Kesho napokea?

Hapana. Kifungu cha 348 kinakataza fidia kulipwa kabla muda wa rufaa haujaisha, au kabla rufaa haijaamuliwa kama imekatwa. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, mshtakiwa ana siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, na muda wa kusubiri nakala ya hukumu hauhesabiwi ndani ya hizo 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30.

Akishinda rufaa dhidi ya hatia, fidia inakufa nayo. Mahakama ya juu inaweza pia kuacha hatia na kufuta au kupunguza fidia peke yake. Sababu ninazoziona ni kwamba kiasi hakikuonekana popote kwenye ushahidi, au hakimu alisema "alipe fidia" bila kutaja kiasi wala anayelipwa. Sikiliza hukumu inaposomwa. Ukisikia fidia isiyo na tarakimu, mwambie mwendesha mashtaka kabla hakimu hajainuka.

Muda wa rufaa umepita na hajalipa. Nafanya nini?

Chukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Rudi mahakama ile ile iliyotoa amri, uombe kwa maandishi fedha zikusanywe. Sheria ya Mwenendo inaruhusu fedha zilizoamriwa kulipwa, fidia ikiwemo, kukusanywa kwa hati ya kukamata na kuuza mali ya anayedaiwa, inayohamishika na isiyohamishika. Akionyesha mali inayohamishika inayotosha, nyumba na kiwanja haviuzwi.

Mahakama haitakwenda kutafuta mali yake. Wewe ndiye wa kuleta orodha: pikipiki yenye namba hii, friji, mashine ya kusaga iliyoko mtaa huu, kiwanja chenye hati namba hii. Orodha inayosema "ana mali nyingi" haikamatiki. Kwa pikipiki na gari pata namba ya usajili na uhakikishe kadi ina jina lake. Kwa ardhi nenda ofisi ya ardhi, au kama haijapimwa, kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wa mauziano.

Kisha tarajia pingamizi. Mke atasema sofa na friji ni vyake, kaka atasema pikipiki alimwazima. Mtu wa tatu ana haki ya kusikilizwa kabla mali haijauzwa, na mahakama itapokea hoja yake kama ana karatasi. Amri ni dhidi ya mkosaji, siyo dhidi ya ukoo wake. Hata kampuni aliyokuwa anaitumia kama kivuli, kama haikushtakiwa na kutiwa hatiani, mali za kampuni hiyo si za mkosaji.

Akiwa jela deni linafutika?

Halifutiki. Fidia iliyotolewa juu ya kifungo inakaa pale pale, na mali yake inakamatika akiwa ndani. Serikali hailipi badala yake.

Ndugu zake wanataka tumalizane nje. Nikubali?

Kupokea fedha zako si kosa. Kosa ni kupokea fedha kwa makubaliano ya kuficha au kuzima kosa kubwa la jinai, hilo Kanuni ya Adhabu inaliadhibu. Na kesi si yako kuifuta: anayeweza kuiondoa ni upande wa mashtaka.

Njia ya wazi zaidi ipo tangu mwaka 2019, nayo ni makubaliano ya kukiri kosa. Mshtakiwa na upande wa mashtaka wanakubaliana, anakiri, na makubaliano yanaweza kubeba sharti la kulipa fidia au kurudisha mali. Yanaandikwa, yanapelekwa mahakamani, na mahakama inamhoji mshtakiwa kama ameingia kwa hiari. Kwa mwathirika hii mara nyingi inashinda hukumu kamili, kwa sababu mtu analipa wakati bado anataka kitu kutoka kwa mahakama. Ukisikia kuna mazungumzo ya namna hiyo, peleka karatasi yako ya hesabu haraka. Makubaliano yakishasajiliwa bila jina lako, umebaki nje.

Ukipokea chochote kwa ndugu, andikianeni: kiasi, tarehe, na kwamba ni sehemu ya hasara. Kisha mjulishe mwendesha mashtaka. Kuficha ulichopokea halafu ukaomba fidia yote ni utapeli wako mwenyewe.

Naweza kufungua kesi ya madai pia?

Unaweza, na mahakama ya madai itahesabu ulichokwisha kupokea kwa amri ya jinai, hulipwi mara mbili. Faida kubwa ni kwamba hatia ikishakuwa ya mwisho, muda wa rufaa ukiwa umepita au rufaa imeamuliwa, Sheria ya Ushahidi inaichukua kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda. Huanzi kuthibitisha upya.

Ila angalia ukomo wa muda. Madai ya mkataba ni miaka 6, ya madhara nje ya mkataba ni miaka 3. Kesi ya jinai ikikokota miaka minne, usidhani saa ya madai ilikuwa imelala ikikusubiri.

Kwa Kenya ni hivi hivi?

Mifupa inafanana kwa sababu sheria zilizaliwa katika nyumba moja ya kikoloni. Kenya wana kifungu cha 175 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kinachomruhusu hakimu kuamuru mkosaji alipe kiasi ambacho mwathirika angestahili kupata katika kesi ya madai. Juu yake wana Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014, iliyotokana na Katiba ya 2010, inayompa mwathirika sauti yake mwenyewe mahakamani. Upande huu wa mpaka bado unazungumza kupitia mwendesha mashtaka.

Yule mama wa mchele aliishia wapi?

Magunia 18 alirudishiwa mwezi wa pili wa kesi kwa amri, baada ya kupigwa picha, na gunia moja tu lilikuwa limelowana. Mshtakiwa alitiwa hatiani, akafungwa, na kuamriwa kulipa fidia ya shilingi 8,400,000. Zile 1,400,000 zikaelekezwa kwa mama. Rufaa ilikatwa ndani ya siku zake na kuamuliwa baada ya miezi kumi: hatia ilibaki, fidia ilibaki.

Mama akaomba hati ya kukamata mali. Pikipiki ilikuwa na jina la mfungwa, ikauzwa, na baada ya gharama za dalali wa mahakama zikabaki 1,700,000. Friji na sofa mke alizipinga kwa risiti zenye jina lake, zikarudi. Kiwanja ambacho mfungwa alikuwa akikitaja kwa majirani kuwa chake kilikutwa kimeandikwa jina la mama yake tangu miaka mingi kabla ya tukio, hakikugusika.

Kwa hiyo katika milioni 12 mama wa mchele amepata 6,700,000, mchele ukihesabiwa humo, na anadai 5,300,000. Nakala ya hukumu anayo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, na ameshampa kijana mmoja wa stendi kazi ya kumjulisha siku mfungwa atakapotoka na kununua chochote kwa jina lake.